Namba ya Usajili kwenye Pakiti ya Dawa: Inachosema na Isichosema

Kila dawa ya binadamu inayouzwa Tanzania Bara, iwe imetengenezwa Dar es Salaam au imevuka bahari kutoka India, inatakiwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo wengi huiita TMDA, na usajili huo huambatana na namba ambayo aghalabu huchapwa kwenye boksi au kwenye lebo ya chupa kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga mzuri ili zisomeke. Wanunuzi wengi wanaoikagua pakiti hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi na kuiacha namba ya usajili bila kuisoma. Wapo pia wanaoiona namba hiyo na kuridhika papo hapo kwamba dawa ni halali, ingawa namba iliyochapwa, kabla haijalinganishwa na orodha ya mamlaka, haithibitishi lolote zaidi ya kwamba kuna mtu aliyeichapa.

Ili namba hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike inaelekeza kwenye nini. Mtengenezaji anayetaka kuingiza dawa sokoni hupeleka kwa mamlaka jalada, yaani mkusanyo wa nyaraka zinazoeleza dawa imetengenezwa kwa viambato gani na kwa kiasi gani, katika kiwanda kipi, kwa hatua zipi, inahifadhiwa katika joto la kiasi gani, inabaki na ubora wake kwa miezi mingapi, na ushahidi gani unaonyesha kwamba inatibu kile inachodaiwa kutibu. Wataalamu wa mamlaka hulichambua jalada hilo, kiwanda hukaguliwa kama kinafuata kanuni za utengenezaji bora, na sampuli zinaweza kupimwa maabara. Dawa ikikubaliwa hupewa cheti chenye namba yake, na cheti hicho kina muda maalumu ambao ukipita bila kuhuishwa usajili hukoma. Kwa hiyo namba iliyo kwenye boksi ni anwani ya jalada moja tu, na jalada hilo linahusu bidhaa moja: jina moja la kibiashara, kiambato hai kilekile, nguvu ileile, umbo lilelile na kiwanda kilichotajwa. Kiambato hai ni ile sehemu ya dawa inayofanya kazi ya kutibu, tofauti na unga, sukari au rangi zinazoongezwa ili kidonge kishikamane na kimezeke. Nguvu ni kiasi cha kiambato hicho katika kidonge kimoja au katika kijiko kimoja cha dawa ya maji. Kampuni inayotengeneza amoksisilini ya miligramu 250 na ya miligramu 500 ina bidhaa mbili machoni pa mamlaka, na kila moja inapaswa kuwa na usajili wake.

Namba za Tanzania za miaka ya karibuni zina umbo linalosomeka kwa urahisi. Huanza na herufi TAN, hufuata tarakimu mbili za mwaka, kisha herufi HM zinazoonyesha kwamba ni dawa ya binadamu, na mwisho tarakimu nne za mfuatano, hivi kwamba namba ya mfano, iliyobuniwa kwa ajili ya maelezo haya tu, inaweza kuandikwa TAN 19 HM 0000. Dawa zilizosajiliwa zamani zinaweza kuwa na namba za umbo jingine, na tofauti hiyo peke yake si kasoro. Zile tarakimu za mwaka zina faida ambayo watu wachache huitumia: namba yenye 19 haikuweza kuwapo mwaka 2017, kwa hiyo boksi lenye namba hiyo lililoandikwa kuwa dawa yake ilitengenezwa mwezi wa tatu mwaka 2017 linajipinga lenyewe, na swali juu ya mgongano huo linaweza kuulizwa kaunta bila simu wala mtandao. Wanaoghushi pakiti hunakili namba kutoka boksi moja na tarehe kutoka jingine, na ni katika mahali kama hapo ambapo hesabu zao hukosa kuoana.

Kosa la kwanza la mkaguzi asiye na uzoefu ni kuchukua namba isiyo ya usajili akadhani ndiyo. Pakiti ya dawa hubeba namba nyingi, na kila moja ina kazi yake. Kuna namba ya toleo, inayoandikwa Batch No., B. No. au Lot, ambayo hutambulisha shehena iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Kuna mistari ya msimbo na tarakimu zilizo chini yake, ambazo ni za biashara na hesabu ya ghala. Zinazoanza na 620 zimetolewa na shirika la misimbo la Tanzania, 616 la Kenya na 890 la India, lakini hazisemi lolote kuhusu mamlaka ya dawa. Inayopotosha zaidi ni ile inayoandikwa Mfg. Lic. No. au M.L. kwenye dawa nyingi kutoka India, ambayo ni leseni ya kiwanda kutengeneza dawa huko kwao. Kiwanda kinaweza kuwa na leseni halali ya nchi yake na bado dawa yake isiwe imesajiliwa Tanzania, kwa kuwa leseni ya kutengeneza na idhini ya kuuza katika nchi nyingine ni mambo mawili yanayotolewa na vyombo viwili. Alama ya jani la kijani, iliyozoeleka kwenye pakiti za dawa mseto za malaria tangu mpango wa kimataifa wa kushusha bei ya dawa hizo ulipoingia Tanzania, Kenya na Uganda, nayo si namba ya usajili na haichukui nafasi yake.

Namba sahihi ikishapatikana, hatua inayofuata ni kuifikia orodha, na hapa njia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Orodha ya dawa zilizosajiliwa hufikiwa kupitia tovuti ya mamlaka yenyewe, tmda.go.tz, ambamo kuna kiungo kinachopeleka kwenye mfumo wa kutafuta bidhaa zilizosajiliwa. Anwani hiyo inafaa iandikwe kwa mkono kwenye simu, na ile sehemu ya mwisho, .go.tz, ikaguliwe kwa sababu ndiyo inayotumiwa na taasisi za serikali. Pakiti nyingi sasa zina kile kisanduku chenye vitone vyeusi ambacho simu hukisoma kwa kamera na kufungua ukurasa wa mtandao, na mnunuzi huona kwamba ameonyeshwa neno la kuthibitisha dawa akaridhika. Lakini kisanduku hicho hupeleka simu pale alipotaka mchapaji wa boksi, na kama boksi ni la kughushi basi na ukurasa unaweza kuwa wa kughushi. Uthibitisho una maana pale tu anayethibitisha anapoanzia kwa mamlaka na kuishia kwenye pakiti, wala si kinyume chake.

Katika kutafuta, inafaa kukumbuka kwamba mfumo hutafuta herufi, haukisii maana. Namba iliyoandikwa bila nafasi kwenye boksi inaweza kuwa imehifadhiwa na nafasi kwenye orodha, na sifuri husomwa kama herufi O na macho yaliyochoka. Kwa sababu hiyo mtu asiyepata jibu kwa namba nzima asihitimishe upesi kwamba dawa haimo. Na ajaribu tarakimu za mwisho pekee, kisha jina la kibiashara, kisha jina la kiambato kama linavyoandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya orodha. Hata majina ya viambato yana tahajia zaidi ya moja: dawa ileile huandikwa amoxicillin na amoxycillin, na ile ambayo huku inaitwa paracetamol huitwa acetaminophen na watengenezaji wa Marekani. Kuandika herufi nne au tano za mwanzo, kwa mfano amox, huleta zote pamoja, na macho ya mtafutaji humalizia kazi.

Ichukuliwe sasa pakiti ya dawa mseto ya malaria, ile ambayo wahudumu wa afya Tanzania huiita ALu kwa kuwa ina viambato viwili, artemetha na lumefantrini. Pakiti hiyo ina vidonge 24, ambavyo ni dozi kamili ya mtu mzima, vidonge vinne kwa kila mlo wa dawa, milo sita kwa siku tatu, na boksi linasema kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mwuzaji wa duka la dawa muhimu ameinunua kutoka kwa mtu aliyefika dukani na begi, kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya muuzaji wa jumla, na namba ya usajili imechapwa vizuri ubavuni mwa boksi. Anaitafuta kwenye orodha na inapatikana. Mtu wa haraka angeishia hapo, ilhali kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kupatikana kwa namba kunajibu swali la kama jalada lipo, na swali linalomhusu mnunuzi ni kama jalada hilo ni la pakiti hii.

Kwa hiyo mstari uliofunguka kwenye orodha husomwa neno kwa neno, huku boksi likiwa mkono wa pili. Jina la kibiashara linaoana. Viambato vinaoana, na nguvu nayo ni 20 na 120. Katika safu ya umbo la dawa, orodha inasema ni vidonge vya kuyeyushwa katika maji kabla ya kunywewa, vile ambavyo hutengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kumeza, lakini boksi linasema vidonge vya kumeza na halina neno lolote kuhusu kuyeyusha. Hiyo ni tofauti ya kwanza, nayo si ndogo, kwa sababu vidonge vya kuyeyusha na vya kumeza ni bidhaa mbili zenye usajili tofauti hata kama vinatoka kampuni moja na vina kiasi kilekile cha dawa. Katika safu ya mtengenezaji, kampuni ni ileile, lakini orodha inataja kiwanda kilicho katika mji fulani na boksi linataja mji mwingine. Kampuni kubwa huwa na viwanda kadhaa na mamlaka huidhinisha kiwanda kwa jina na mahali, kwa kuwa mitambo, maji na usimamizi wa kiwanda kimoja si wa kingine. Tofauti ya pili basi imeongezeka juu ya ya kwanza.

Je, pakiti hiyo ni bandia? Mkaguzi mwaminifu hawezi kusema hivyo kwa ushahidi huo peke yake. Inawezekana mchapaji wa kampuni alikosea akaweka namba ya bidhaa ndugu, inawezekana pia kiwanda kilibadilishwa na mabadiliko hayo hayajaonekana kwenye orodha, na inawezekana mtu aliyeghushi alichukua namba ya kwanza aliyoiona kwenye pakiti ya watoto akaibandika kwenye ya watu wazima. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba namba hii haiielezi pakiti hii, na hilo latosha kwa mwuzaji kuiondoa kwenye rafu na kuwaachia wenye maabara waseme lililobaki. Bei nafuu na begi lisilo na stakabadhi ya mauzo vilikwisha kutoa dalili kabla namba haijasomwa; muuzaji wa jumla mwenye kibali hutoa ankara inayotaja jina la dawa na namba ya toleo, na asiyeitoa amekata uzi ambao ungeiunganisha pakiti na mahali ilikotoka.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgumu zaidi. Pakiti inaweza kuoana na orodha katika kila safu, herufi kwa herufi, na bado ikawa bandia, kwa sababu anayeghushi kwa ustadi hughushi dawa iliyosajiliwa na inayoaminika, wala hana faida yoyote ya kuiga ile isiyojulikana. Namba ya usajili ni kama namba ya gari, ambayo mwizi anaweza kuifyatua upya na kuifunga kwenye gari jingine la aina na rangi ileile. Tanzania ilikwisha kuliona hilo. Mwaka 2009 dawa ya malaria iitwayo Metakelfini, iliyokuwa ikifahamika nchini, iligunduliwa ikiwa bandia katika maduka 40 ya dawa, na kasoro yake ilikuwa kwamba haikuwa na kiambato hai cha kutosha. Kiasi cha dawa kilichomo ndani ya kidonge hakionekani kwa macho wala hakiandikwi kwenye orodha yoyote ya mtandaoni, hupimwa maabara. Aliyekuwa na pakiti hiyo mkononi, hata kama angelinganisha maandishi yake yote na usajili, asingepata kwa njia hiyo peke yake jibu la kilichokuwa ndani.

Ndiyo maana namba ya usajili haina budi kusomwa pamoja na namba ya toleo. Toleo ni shehena moja iliyochanganywa, kukandamizwa au kujazwa kwa mkupuo mmoja kiwandani, na matatizo mengi ya ubora huanzia katika toleo moja huku mengine ya bidhaa hiyohiyo yakiwa mazima. Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria ilitangaza kwamba vipimo vyake vimeonyesha kiasi kikubwa cha daithilini glaikoli, kemikali ya viwandani yenye sumu inayoharibu figo, katika toleo namba 329304 la dawa ya kikohozi ya watoto ya Benylin iliyotengenezwa Afrika Kusini, na nchi kadhaa zikiwamo Kenya, Rwanda na Tanzania zikaanza kuiondoa sokoni. Baadaye kampuni inayoitengeneza ilisema vipimo vyake yenyewe kwa toleo hilo havikuikuta kemikali hiyo. Vyovyote ubishi huo unavyopimwa, mzazi aliyekuwa na chupa nyumbani siku ile asingesaidiwa na namba ya usajili, maana dawa yenyewe ilikuwa halali. Alichohitaji kusoma ni zile tarakimu sita za toleo na kuzilinganisha na tangazo. Matangazo ya kuondoa dawa sokoni hutolewa na mamlaka pembeni ya orodha ya usajili, na anayekagua orodha bila kupitia matangazo amefanya nusu ya kazi.

Namba ya toleo ina jaribio jingine ambalo halihitaji mtandao. Hupaswa kuwa ileile kwenye boksi la nje na kwenye chombo cha ndani, yaani chupa au ile karatasi ya bati iliyoshika vidonge, na vivyo hivyo tarehe ya mwisho wa matumizi. Boksi lenye toleo moja na karatasi ya ndani yenye toleo jingine ni dalili nzito kwamba kilichomo ndani hakikuanza safari pamoja na boksi lake, au kwamba dawa iliyokwisha muda imevishwa boksi jipya. Wakati mwingine tarehe ya boksi imefutwa kwa kiyeyushi na kupigwa mhuri upya, na wino wa mhuri huachia unaposuguliwa kwa kidole chenye maji.

Kuna pia pakiti isiyo na namba ya Tanzania kabisa, na hukumu juu yake inahitaji utulivu. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inakataza kuuza dawa isiyosajiliwa, lakini mamlaka ina uwezo wa kutoa kibali maalumu cha kuingiza dawa isiyosajiliwa pale panapokuwa na haja, kwa mfano dawa ya ugonjwa adimu ambayo hakuna kampuni iliyoona faida ya kuisajili, au dawa ya msaada wakati wa dharura. Dawa ya namna hiyo hupatikana hospitali na kwenye miradi ya afya, na mfamasia anayeitoa anaweza kuonyesha kibali chake. Kuikuta ikiuzwa rejareja kwenye duka la mtaani ni habari nyingine. Vilevile pakiti iliyoletwa na ndugu kutoka Uingereza itakuwa na namba inayoanza na herufi PL, ambayo hukaguliwa kwenye orodha ya mamlaka ya huko, na kutoonekana kwake kwenye orodha ya TMDA kunaeleza tu kwamba haikukusudiwa soko la Tanzania.

Hata ndani ya Afrika Mashariki mipaka hii bado ipo. Mwaka 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilizindua mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, na wataalamu wao hulichambua jalada moja kwa pamoja, lakini kila nchi huendelea kutoa idhini na namba yake. Kwa sababu hiyo boksi moja linaweza kuchapwa namba tatu au nne, ya Kenya inayotolewa na Bodi ya Famasi na Sumu, ya Uganda inayotolewa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na ile ya Tanzania yenye TAN, na kila namba hukaguliwa kwenye orodha ya nchi yake tu. Zanzibar ina Wakala wake wa Chakula na Dawa, na usajili wa Bara si usajili wa Visiwani. Pakiti yenye namba ya Kenya pekee inayouzwa Namanga upande wa Tanzania inaweza kuwa dawa nzuri kabisa iliyovushwa kwa magendo, na ubaya wake ni kwamba hakuna anayejua ilikaa siku ngapi kwenye buti la gari juani, wala tangazo la kuiondoa sokoni halitamfikia aliyeinunua.

Safu ya mwisho inayostahili kusomwa kwenye orodha ni ile ya hali ya usajili. Usajili uliofikia mwisho wa muda wake hauibadilishi dawa kuwa sumu. Pakiti iliyoingizwa nchini usajili ukiwa hai inaweza kuwa bado ina miezi mingi kabla ya kuharibika. Lakini pakiti iliyotengenezwa miaka miwili baada ya usajili kukoma haina maelezo mepesi, na hapo tarehe ya kutengenezwa iliyo kwenye boksi hulinganishwa na tarehe ya mwisho iliyo kwenye orodha. Usajili uliosimamishwa au kufutwa ni jambo jingine kabisa, kwani mamlaka imekwisha kutoa uamuzi, na dawa hiyo haifai kutolewa kwa mgonjwa.

Yote yaliyoelezwa yanategemea mnunuzi aione pakiti, na hapo ndipo desturi ya kuuza dawa inapoivuruga kazi yote. Katika maduka mengi vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo ya karatasi au mfuko wa plastiki, ukiandikwa kwa kalamu moja mara tatu, na kuanzia hapo dawa haina namba ya usajili, haina toleo, haina mtengenezaji. Kilichotokea Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, kinaonyesha hatari ilipo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 mamia ya watu walifikishwa vituo vya afya wakiwa na misuli ya uso na shingo iliyojikunja bila wao kutaka, na mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba vidonge walivyomeza, vilivyotolewa kama diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa makali ya akili, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2015. Kidonge kilicho peke yake ndani ya bahasha hakina cha kulinganishwa na orodha yoyote, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kuomba aonyeshwe kopo kilikotolewa, na mwuzaji mwema huandika namba ya toleo juu ya bahasha kabla ya kuikabidhi.

Anayegundua kwamba namba haimo kwenye orodha, au imo lakini haioani na pakiti, au toleo limetangazwa kuondolewa sokoni, asiitupe dawa hiyo wala asiirudishe dukani kimyakimya ili arejeshewe fedha, kwa kuwa dukani itauzwa tena na jaani ushahidi utapotea. Na aache kuitumia, amwone mhudumu wa afya ili apewe dawa nyingine badala ya kukatisha tiba, aihifadhi pakiti pamoja na vidonge vilivyobaki, boksi, karatasi ya maelezo na stakabadhi, apige picha pande zote za boksi, kisha aifikishe kwenye ofisi ya TMDA ya kanda yake au kwa mfamasia wa wilaya, akitaja duka na tarehe aliyonunua.